Kutaja Majina au Kushukuru Kundi Zima: Namna ya Kupanga Neno la Shukrani

Ndugu mtazamaji, karibu. Katika video hii tutaandaa pamoja neno la shukrani la hafla moja, tukianza na karatasi tupu na kumalizia na karatasi ambayo msemaji ataishika mkononi. Hafla yenyewe ni ya kukabidhi vyumba viwili vya madarasa vilivyojengwa kwa nguvu za wananchi katika kijiji kimoja wilayani Tandahimba, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kushukuru kwa niaba ya kamati ya ujenzi. Majina ya watu sitayaonyesha kwenye skrini. Nitasema kazi ya kila mmoja, nawe mahali pa kazi utaweka majina ya watu wa kwenu.

Nianze na kosa langu mwenyewe, kwa sababu ndilo lililonifundisha utaratibu huu. Miaka kadhaa iliyopita, katika harusi moja mjini Mtwara, nilisimama kuwashukuru wapishi. Walikuwa kina mama kumi na mmoja. Nikataja majina ya wanne niliowafahamu vizuri, kisha nikasema "pamoja na wenzao wote." Mama mmoja aliyekuwa karibu na mafiga, ambaye ndiye aliyewasha moto alfajiri wakati wenzake hawajafika, aliuweka mwiko juu ya mfuniko wa sufuria, akafuta mikono kwenye kanga yake, akaondoka bila kuaga. Laiti ningesema "kina mama kumi na mmoja waliotupikia tangu alfajiri," asingekuwepo hata mmoja wa kuumia.

Sasa tushike kalamu. Hatua ya kwanza ni kuandika kazi zilizofanyika kabla ya kuandika jina lolote, kwa maana ukianza na majina utaandika kwanza wale unaowapenda na wale unaowaogopa. Chora mstari katikati ya karatasi. Upande wa kushoto andika kazi. Upande wa kulia uache wazi. Kwa madarasa yetu, orodha yangu ina kiwanja kilichotolewa, msingi uliochimbwa na vijana thelathini hivi, maji yaliyochotwa bondeni na kina mama kumi na wanne, mchanga uliosombwa kwa lori safari sita bila malipo, fundi mkuu na wasaidizi wake wawili, makato ya korosho ambayo wakulima walikubaliana kwenye mkutano wa chama chao cha ushirika, yaani AMCOS, mabati yaliyotumwa na wazawa wa kijiji wanaoishi Dar es Salaam, na usimamizi wa kamati. Baada ya hapo chukua daftari la mweka hazina na daftari la mahudhurio ya kazi, ukajaze upande wa kulia kwa kutazama yaliyoandikwa humo, kwa kuwa kumbukumbu ya mtu mmoja haitoshi.

Hatua ya pili ndiyo nzito, nayo ni kuamua nani atajwe kwa jina. Mimi hutumia maswali mawili. La kwanza: je, kazi hii ilifanywa na mtu huyu peke yake, kiasi kwamba asingekuwepo yeye, hapakuwa na mwenzake wa kuifanya? La pili: je, kama ilifanywa na wengi, ninaweza kuwataja wote bila kumwacha hata mmoja? Jibu la swali la kwanza likiwa ndiyo, mtaje. Likiwa hapana, nenda kwenye swali la pili. Na hapo kanuni yangu haina nusu: ama unawataja wote waliofanya kazi ile, ama unalishukuru kundi lote bila kumtaja yeyote. Mwenye lori anatajwa, kwa sababu lori lilikuwa moja na hakuna mwingine aliyesomba mchanga. Fundi na wasaidizi wake wanatajwa wote watatu, kwa kuwa ni wachache. Wakulima wa korosho wanashukuriwa kwa pamoja, maana kila aliyepeleka mzigo ghalani alikatwa kwa kilo, na kumtaja aliyeuza nyingi kungekuwa kumpongeza kwa ukubwa wa shamba lake.

Kiwanja kinahitaji uangalifu wa pekee. Aliyejitokeza mbele ya kamati kukitoa alikuwa mzee mmoja, na mgeni angemshukuru yeye tu. Lakini kwa familia nyingi za Kimakonde, ambamo ukoo hufuatwa upande wa mama na mjomba ndiye msemaji, mzee aliyetoa kauli huwa amewasemea watu wengi. Nilimwendea nyumbani nikamwuliza nitamke vipi. Akaniambia nitaje jina lake kama msemaji, kisha niutaje ukoo kuwa ndio uliotoa. Ningemtaja yeye pekee, ndugu zake wangedhani amejitwalia sifa ya ardhi yao wote, na maneno ya namna hiyo huweza kurudi siku ya kugawana mashamba.

Mabati nayo yalinisumbua. Kundi la wazawa wa Dar es Salaam lina watu ishirini na watatu, na mmoja wao peke yake alitoa fedha za mabati sitini, ilhali wengine walichanga kidogo kidogo. Je, atajwe? Nilitazama njia aliyopitishia mchango wake. Kama angeyaleta mabati mwenyewe hadi kijijini, nje ya mchango wa wenzake, hiyo ingekuwa kazi nyingine na ningemtaja. Lakini alitoa kupitia kundi, na fedha zikaingia kwenye mfuko mmoja. Kwa hiyo hafla itawashukuru wote ishirini na watatu kwa pamoja, naye kamati itamwandikia barua yake peke yake. Nilimpigia simu kumweleza hivyo kabla ya hafla, na ninakusihi ufanye vivyo hivyo kwa yeyote anayetarajia kusikia jina lake. Uliza pia upande wa pili: wapo watu ambao wametoa kwa nia ya sadaka ya siri, na kuwatangaza ni kuwavunjia nia yao. Viwango vya fedha usivisome kabisa.

Ukiamua kushukuru kundi, lishukuru kwa kazi yake halisi. Neno "kina mama wote" halimfikii mtu yeyote, kwa sababu hata aliyekaa nyumbani amo ndani yake. Sikiliza nilivyoandika mimi: "Tunawashukuru kina mama kumi na wanne waliochota maji bondeni kwa ndoo za lita ishirini, tangu siku ya kufyatua matofali hadi siku ya kupiga lipu." Hapo kila mmoja wa wale kumi na wanne anajua ametajwa, ijapokuwa jina lake halikusikika. Wanaoishi juu ya uwanda huu wa Makonde wanajua kilima cha kupanda na ndoo kichwani kikoje; sihitaji kuongeza sifa nyingine.

Hatua ya tatu ni mpangilio. Hapa tutenganishe mambo mawili ambayo wasemaji wengi huyachanganya, yaani salamu na shukrani. Salamu hufuata vyeo: mgeni rasmi, diwani, mtendaji wa kata, viongozi wa dini, wazee, na unaweza kusema "itifaki imezingatiwa" ukaendelea. Shukrani zisifuate vyeo, kwa maana zikifuata, aliyekuja kukata utepe atashukuriwa kabla ya aliyechimba msingi. Zisifuate pia ukubwa wa fedha, kwani kila mtu ataanza kuhesabu nafasi yake. Alfabeti inafaa kwa orodha ya watu waliofanya kazi ya aina moja, kama wale wasaidizi wawili wa fundi. Ukiitumia kwa orodha nzima utamweka mtu wa kiwanja baada ya mtu wa mabati, na habari ya jengo itapotea.

Mpangilio ninaoupendelea ni wa hatua za kazi: kiwanja, msingi, maji, mchanga, kuta, fedha za korosho zilizonunua saruji, mabati, usimamizi. Kwa kuwa umaskini na utajiri havikupangwa kwa hatua za ujenzi, wakubwa na wadogo watachanganyika bila wewe kuwachanganya. Diwani wetu alifuatilia kibali cha ujenzi. Basi anashukuriwa kwenye kibali, kabla ya msingi, si juu wala chini ya hapo. Marehemu mwenyekiti wa kwanza wa kamati, aliyefariki kuta zikiwa zimefika kwenye linta, anatajwa mahali alipoishia, na jamaa zake waliohudhuria nimewaarifu mapema ili wasishtuke.

Jambo la lazima ni kuutangaza mpangilio huo kabla ya jina la kwanza. Andika sentensi hii juu ya karatasi: "Nitashukuru kwa kufuata hatua za ujenzi, tangu kiwanja hadi bati." Anayengoja zamu ya mabati atatulia, kwa sababu anajua iko mwishoni na anajua ni kwa nini.

Hatua ya nne ni kuondoa maneno yanayoharibu. Futa "bila kumsahau fulani," kwa kuwa mhusika husikia kwamba alikaribia kusahauliwa. Futa "na wengine wote ambao sikuwataja" baada ya majina; kama kuna wengine, turudi hatua ya pili tukawatafutie nafasi yao. Vyeo vya heshima navyo viwe sawa: ukimwita mmoja "Mzee" na mwingine "Bibi," usimtaje wa tatu kwa jina tupu eti kwa sababu ni kijana, mwite "Ndugu." Majina yanayofanana ni mengi huku kwetu, kwa hiyo ongeza jina la baba au kitongoji, na mwulize mwenyewe anavyopenda kuitwa.

Hatua ya tano ifanyike jana yake. Wasomee orodha watu watatu waliokuwa sehemu tofauti za kazi. Mimi nilimsomea mweka hazina, mama mmoja wa maji na kijana mmoja wa msingi. Usiwaulize kama orodha ni nzuri, maana watakujibu ni nzuri. Waulize, "Nani hayumo?" Yule kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba kulikuwa na babu aliyelinda saruji usiku kucha kwa wiki tatu, na hakuwa kwenye daftari lolote kwa kuwa hakulipwa. Kazi yake ilikuwa ya mtu mmoja; jina lake likaingia baada ya mchanga.

Sasa nakili orodha kwa herufi kubwa, jina moja kwa mstari mmoja, na uisome kwa sauti huku simu ikikuhesabia muda. Yangu ina majina tisa na makundi matano, nami nilitumia dakika nne. Ikizidi dakika tano, usikate majina. Kata maneno ya sifa yaliyo pembeni yake.

Ukiwa mbele ya watu, weka alama kwa penseli kila unapomaliza mstari. Ukigundua umeruka mtu, usingoje kumwomba radhi pembeni baada ya hafla, kwa sababu waliosikia hawatakuwepo. Rudi kwenye kipaza sauti kabla hujakaa, useme jina lake na kazi yake kwa sentensi moja kamili kama ulivyowasemea wenzake, bila kueleza sababu za kumruka, kisha ukae.