Kabari ya Mlango wa Ngazi

Asanteni, kaeni. Nimepewa dakika 40, na 5 kati ya hizo zimeshaliwa na kipaza sauti, kwa hiyo salamu zangu ni fupi: wakubwa zangu shikamooni, wengine habari za asubuhi. Waliokwisha kunisikia kwenye semina nyingine wanajua ninakoelekea. Ndiyo, mzee wa kabari amekuja tena. Mnivumilie.

Mgeni wako amelala ghorofa ya tano ya hoteli yako. Ni saa nane usiku, mlango umefungwa, kiyoyozi kinavuma. Chini jikoni friji limeshika moto. Nani atamwamsha?

Naona mama pale anasema ataamshwa na moshi. Hapana, mama yangu. Mtu akilala, pua nayo inalala. Harufu ambayo ingekukurupusha ukiwa macho, usingizini inakupitia tu. Tena ndani ya moshi mna kaboni monoksidi, haina harufu, na kazi yake ni kumzidishia mtu usingizi. Unamkuta kajifunika shuka yake vizuri, hajaungua hata ukucha. Nilivaa sare ya zimamoto miaka mingi, watu wa namna hiyo nimewabeba. Tuliache hapo.

Sasa niwapeleke Las Vegas, Marekani. Najua mtasema huyu mzee anatuletea ya ng'ambo wakati sisi tuna hoteli ya ghorofa sita Kariakoo. Subirini. Hoteli inaitwa MGM Grand, ghorofa 26, kubwa, ya fahari, ilikuwa haijatimiza hata miaka 7. Novemba 21, 1980, saa moja asubuhi, wageni wengi bado wako vitandani. Kwenye mgahawa wa chini, ndani ya ukuta nyuma ya friji la kuonyeshea keki, kuna hitilafu ya umeme. Moto ukaanza pale, ukatoka, ukaingia ukumbi wa kamari, na ndani ya dakika chache ukumbi mzima ukawa tanuru.

Walikufa watu 85. Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo ninapowapoteza watu kila mwaka. Moto wenyewe haukupanda kwenye vyumba. Uliteketeza chini. Lakini wengi wa waliokufa walikuwa juu, tena juu kabisa, karibu na paa. Anayelala ghorofa ya 20 anajiona yuko mbali na jiko, kumbe moshi haujui mbali. Ulipanda kwenye mashimo ya lifti, kwenye mabomba ya hewa, kwenye nyufa za makusudi zilizoachwa ili jengo lihimili tetemeko, na ulipanda kwenye ngazi. Moshi wa moto mkubwa ukipata ngazi unapanda mita mbili, tatu kwa sekunde. Hoteli yako ya ghorofa sita ina mita kama 18. Pigeni hesabu wenyewe. Hata kijana mwenye mapafu ya mwanariadha hashindani nao.

Na ngazi za hoteli ile zilikuwa na jambo lingine. Mlango wa kila ghorofa ulifunguka ukitokea koridoni, lakini ukishaingia ngazini ukajifunga nyuma yako, upande wa ngazi haukuwa na namna ya kuufungua. Ni mambo ya usalama, wezi wasipande. Basi mgeni anatoka na nguo za kulala, anaingia ngazini, mlango unasema "ta!" nyuma yake. Anashuka ghorofa mbili, anakutana na moshi unakuja. Anageuka, anagonga milango, haifunguki. Wako waliofia humo humo.

Kabla sijarudi nyumbani, kuna kitu kimoja kwenye kisa hiki ambacho kila mwenye hoteli ningemtungia wimbo aimbe. Mgahawa ule haukuwekewa vinyunyizio vya maji darini. Unajua kwa nini? Walipojenga walijieleza kwamba utakuwa wazi saa 24, kwa hiyo moto ukianza kutakuwa na macho ya kuuona, wakasamehewa. Baadaye biashara ikabadilika, saa zikapunguzwa, na asubuhi ile mgahawa ulikuwa umefungwa. Hakuna aliyekumbuka kwamba ule msamaha ulitolewa kwa sababu ya macho ya watu. Macho yameondoka, msamaha umebaki. Nawe uliyegeuza chumba cha kufulia kuwa stoo ya magodoro bila kumwambia mtu, nakutazama.

Haya, kabari.

Kwenye hoteli zetu, mlango kati ya korido na ngazi ni mzito, una mkono wa chuma kwa juu wa kuurudisha ujifunge. Umewekwa hapo kwa kazi moja: moshi ukiwa koridoni usiingie ngazini, na ukiwa ngazini usiingie koridoni. Mlango mzuri wa namna hiyo unakupa nusu saa. Nusu saa ni maisha ya hoteli nzima. Lakini nikienda kukagua, nakuta nini? Kipande cha ubao chini ya mlango. Au tofali limevikwa kitambaa lipendeze. Nimekuta chungu cha maua, nimekuta ndoo ya deki, mahali pamoja nilikuta mlango umeshikiliwa wazi kwa kamba ya katani kwenye msumari, fundo zuri la baharia.

Msiwalaumu wasafishaji. Binti ana toroli la mashuka, ghorofa sita, mlango ule auvute kwa mguu mara 40 kwa siku? Angekuwa mwanao ungemwekea kabari wewe mwenyewe. Na mtaniambia mzee, hapa pwani ni joto, mlango ukifungwa korido inakuwa bekari, wageni wanalalamika. Kweli kabisa, sibishi. Ndiyo maana kuna sumaku. Inafungwa ukutani, inaushikilia mlango wazi mchana kutwa, upepo unapita, toroli linapita. King'ora kikilia, au umeme ukikatika, sumaku inaachia, mlango unajifunga wenyewe. Kabari haina masikio. King'ora kitalia mpaka kikauke, yenyewe imetulia pale chini.

Kuujua mlango wako kama ni mzima hakuhitaji mtaalamu. Ufungue kidogo, kiasi cha kupitisha ngumi, uachie. Lazima urudi mpaka ulimi wa kitasa uingie kwenye tundu lake. Ukiishia kuegemea fremu haujafunga, kwa sababu moshi una msukumo, utausukuma. Halafu simama upande wa ngazi ujaribu kurudi ndani. Ukishindwa, umejenga Las Vegas.

Sasa mtu wa kuamsha. Kuna hoteli moja, siitaji, vyumba 60, kumi kila ghorofa. Mwenyewe alinipa ruhusa tuwajaribu wafanyakazi usiku, siku isiyokuwa na wageni. Zamu ya usiku ni watatu: kijana wa mapokezi, mlinzi, na mama wa usafi. Saa nane nikamwambia mlinzi, "Chukulia jiko linawaka." Nikabonyeza saa.

Mlinzi akaenda mapokezi. Kijana wa mapokezi hakupiga kengele. Alimpigia meneja. Meneja amelala, simu inaita. Akapiga tena. Akaenda jikoni kuhakikisha kwa macho yake. Akarudi. Akampigia meneja mara ya tatu, safari hii akampata, na meneja akamwambia, nayanukuu kama nilivyoyasikia kwenye spika ya simu: "Usiwasumbue wageni mpaka nije." (Mnacheka. Mwenye hoteli alikuwa amesimama nami, yeye hakucheka.) Ulipogongwa mlango wa kwanza, saa yangu ilisoma dakika 11.

Basi tuendelee na hesabu. Gonga, subiri, gonga tena, mtu aitike, umweleze: nusu dakika kwa chumba, na hapo nimewapendelea. Mmoja anabaki chini kupiga 114 na kuwaelekeza zimamoto. Wawili wanapanda. Vyumba 30 kila mmoja, nusu dakika nusu dakika, ni dakika 15, bila kuhesabu kuhema kwenye ngazi. Jumlisha na zile 11. Mgeni wa mwisho anaamshwa dakika ya 26, na wewe una mlango wa nusu saa wenye kabari.

Kwa hiyo kugonga milango usiku si mpango, labda kwa chumba kimoja ambacho hakijaitika. Kitambua moshi kilie chenyewe, na sauti ifike kitandani. Kipimo kinachotumika ni desibeli 75 kwenye mto, mlango wa chumba ukiwa umefungwa. Si koridoni! King'ora chako cha koridoni kinaweza kuwatoa popo darini, lakini mlango ukishakata sauti na kiyoyozi kikaongeza mvumo wake, mgeni anasikia kama pikipiki ya mbali. Laza kipima sauti juu ya mto, funga mlango, liza. Chumba kisichofika kinataka king'ora chake ndani. Na kijana wa mapokezi apewe ruhusa kwa maandishi, yenye saini yako, kwamba akiona moto au moshi anabonyeza kwanza, anakupigia baadaye. Akikosea, wageni watanuna kwenye chai. Umlipe mshahara wake wote.

Naonyeshwa saa. Niliandaa kuongelea lifti, wageni wenye viti vya magurudumu, na mahali pa kukusanyika; hayo nayaacha, nitagusa mengine mawili tu.

La kwanza, minyororo kwenye milango ya dharura. Sababu ni ile ile siku zote, wageni watatoroka bila kulipa. Pattaya, Thailand, Julai 1997, hoteli ya Royal Jomtien: gesi ilivuja chini, milango ya kutokea imefungwa, wakafa watu zaidi ya 90. Dai fedha mgeni anapoingia, basi.

La pili, mfundishe mgeni kubeba ufunguo. Anatoka, korido imejaa moshi, anataka kurudi chumbani, kadi ameiacha ndani. Chumba chenye mlango uliofungwa, taulo mbichi imeziba chini ya mlango, kiyoyozi kimezimwa, ni mahali pazuri pa kusubiri kuliko ngazi yenye moshi, mradi apige simu aseme namba ya chumba chake. Karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango iseme hivyo kwa Kiswahili cha kueleweka, si ile ramani yenye mishale ambayo hata mimi naigeuza kichwa chini.

Maswali tutachukua baada ya chai. Lakini meneja wa hapa, samahani mwenyeji wangu, mimi leo nimepanda kwa ngazi. Mlango wa ghorofa ya tatu umeshikiliwa wazi na mtungi wa kuzimia moto. Ndoano yake iko ukutani, hatua nne kutoka pale. Twende wote wawili sasa hivi, wengine watangulie kwenye chai.