Tundu kwenye grafu: utajuaje kama linazibika?

Karibuni. Chukueni daftari na kalamu, na kalkuleta kama ipo karibu. Leo tuna fankisheni moja tu. Naiandika juu kabisa ya ubao, nayo itakaa hapo mpaka tumalize:

f(x) = (√(x + 1) − 2) / (x − 3)

Chini kuna x − 3, kwa hiyo pale x = 3 fankisheni hii haina thamani. Grafu yake inakuja vizuri kutoka kushoto, inafika penye 3, inaacha tundu, kisha inaendelea. Tunataka kujua kama tunaweza kuweka nukta moja kwenye lile tundu, grafu ipite bila kukatika. Kwenye mitihani swali hili huja kwa sura nyingine: f(3) = k, tafuta k. Ni jambo lile lile.

Hatua ya kwanza, weka 3 juu na chini, kila upande peke yake. Juu tunapata √4 − 2, yaani 0. Chini 3 − 3, yaani 0. Tuna 0/0.

Tusimame hapa kidogo, kwa sababu ndipo ninapoona makosa mengi kwenye madaftari ya wanafunzi. Mmoja anaandika jibu ni 0, kwa kuwa juu kuna sifuri. Mwingine anaandika 1, kwa kuwa namba ikigawanywa kwa yenyewe hutoa 1. Hebu turudi kwenye maana ya kugawanya. Nikisema 12/4 ni 3, maana yake 3 mara 4 ni 12. Sasa namba gani ukiizidisha kwa 0 unapata 0? Tano inafaa. Mia inafaa. Kila namba inafaa! Kwa hiyo 0/0 haituchagulii namba yoyote. Inachotuambia ni kwamba tundu huenda likazibika, na jibu tukalitafute kwa majirani wa 3.

Hatua ya pili, waulize majirani. Bonyeza pamoja nami. Kutoka kushoto, x = 2.9 inatoa 0.2516, na x = 2.99 inatoa 0.2502. Kutoka kulia, x = 3.1 inatoa 0.2485, na x = 3.01 inatoa 0.2498. Pande zote mbili zinaelekea 0.25. Andika 0.25 pembeni kwa penseli, kwa sababu hicho bado ni kisio.

Mtu ataniuliza, kwa nini nisisogee karibu zaidi na 3 mpaka nipate uhakika? Jaribu kwenye kompyuta:

```
from math import sqrt
x = 3.000000000000001
print((sqrt(x + 1) - 2) / (x - 3))
```

Itakupa 0.0. Fankisheni haijabadilika. Kompyuta hutunza tarakimu chache tu za kila namba, na √(x + 1) imekuwa karibu mno na 2 hata ikakadiriwa kuwa 2 kamili. Ukitoa 2 juu inabaki sifuri. Anayetegemea majedwali peke yake angeziba tundu hili kwa 0, na angekosea.

Hatua ya tatu ndiyo yenye uthibitisho. Juu tuna √(x + 1) − 2. Mwenza wake ni √(x + 1) + 2, alama ya katikati imegeuka tu. Zidisha juu na chini kwa mwenza huyo. Juu, mizizi inatoweka: (x + 1) − 4, yaani x − 3. Chini tuna (x − 3)(√(x + 1) + 2). Mabano yale usiyafungue. Ukiyafungua utapoteza kile unachotafuta. Sasa x − 3 iko juu na chini, tunaikata, inabaki:

1 / (√(x + 1) + 2)

Ruhusa ya kukata tumeipata wapi, wakati pale 3 ile x − 3 ni sifuri? Tumeipata kwenye maana yenyewe ya kikomo. Kikomo kinaangalia x zilizo karibu na 3, na 3 yenyewe hakiigusi. Kwa kila jirani, x − 3 ni namba ndogo lakini si sifuri, kwa hiyo kuikata ni halali. Usiseme hizi fankisheni mbili ni kitu kimoja. Zinalingana kila mahali ilipo f, ila pale 3 moja ina thamani na nyingine haina.

Hii mpya haikatiki pale 3, kwa hiyo sasa tunaruhusiwa kuweka 3 moja kwa moja: 1 / (2 + 2) = 1/4. Kisio letu la penseli kimethibitika.

Hatua ya nne, ziba. Andika f(3) = 1/4, na kwa x nyingine acha kanuni ya mwanzo. Kikomo kipo, thamani ipo, na vyote viwili ni namba moja. Ukiweka 1/2 badala yake, fankisheni itakuwa na thamani pale 3, lakini nukta itaelea juu ya tundu na tundu litabaki wazi. Namba inayoziba ni moja tu.

Sasa nifute ile 2 niandike 1:

(√(x + 1) − 1) / (x − 3)

Weka 3. Juu ni 1, chini ni 0. Hapa hakuna 0/0. Pale 3.01 unapata karibu 100, pale 2.99 karibu −100, na ukisogea zaidi zinakimbia zaidi. Hakuna namba ya kuweka pale. Usihangaike na mwenza, andika kwamba haiwezekani na utoe sababu.

Narudisha 2, lakini chini naweka alama ya thamani kamili:

(√(x + 1) − 2) / |x − 3|

Hii inahitaji macho. Ukiweka 3 unapata 0/0 kama mwanzo, na mwenye haraka ataandika 1/4. Lakini kushoto kwa 3, x − 3 ni hasi, na |x − 3| inaigeuza alama. Kushoto tunaelekea −1/4, kulia tunaelekea 1/4. Grafu imeruka, na nukta moja haiwezi kuwa mahali pawili. Kwa hiyo kila ukiona thamani kamili, au fankisheni yenye kanuni tofauti kushoto na kulia, fanya hatua ya tatu mara mbili, upande mmoja mmoja.

Sasa simamisha video ufanye hili mwenyewe:

(√(x + a) − 3) / (x − 5)

Tafuta a ambayo inafanya tundu la pale 5 lizibike, kisha tafuta namba ya kuliziba.

Umerudi? Chini ni sifuri pale 5, kwa hiyo juu lazima pia pawe sifuri, la sivyo itakimbia kama ile ya pili. Kwa hiyo √(5 + a) = 3, na a = 4. Mwenza ni √(x + 4) + 3, juu inakuwa x − 5, unakata, unaweka 5, na unapata 1/6.