Simu ya Mama Imefunga Akaunti

ZUHURA: Haya, tumeanza. Leo ni akaunti za kubeti: kwa nini zinabanwa au kufungwa, na rufaa inakatwaje. Nimeandaa mambo matano ya kuweka kwenye barua. Ila Kassim hana raha tangu Jumanne, kwa hiyo aanze yeye.

KASSIM: Sina raha kweli, dada. Niliweka shilingi 50,000, nikapewa bonasi ya 50,000. Sharti lao, bonasi izungushwe mara 5, yaani nibeti jumla ya 250,000, na kila mkeka uwe na odi kuanzia 1.60. Nikazungusha mpaka mwisho. Salio likasoma 430,000. Naomba kutoa, unaingia ujumbe: akaunti imesitishwa kwa matumizi mabaya ya bonasi. Wanasema mtu mmoja ana akaunti mbili.

ZUHURA: Unazo mbili?

KASSIM: Ninayo moja. Nyingine ni ya Saidi, mdogo wangu. Namba yake ya NIDA, laini yake, hela zake. Ila aliifungulia kwenye simu ya mama.

ZUHURA: Na wewe yako uliwahi kuifungua humo?

KASSIM: Wiki ile simu yangu ilipokuwa kwa fundi.

ZUHURA: Simu ya mama! Jamani, wasikilizaji wetu wa zamani wanaijua simu hii. Ndiyo iliyotuma mchango wa harusi mara mbili.

KASSIM: Na ndiyo inayonunua umeme wa nyumba nzima. Shemeji anasomea humo magazeti. Watoto wanacheza gemu humo.

ZUHURA: Sasa hapo ndipo penye jambo. Programu ya kubeti ukiiweka kwenye simu, inaisoma simu yenyewe: aina yake, toleo la mfumo, na kitambulisho cha kifaa. Akaunti mbili zikiingia kupitia kitambulisho kimoja, mashine inaziunganisha. Haijui kama mko ndugu wawili. Inaona mkono mmoja umechukua bonasi mbili.

KASSIM: Lakini wao walisema "anwani ya mtandao inafanana". Hawakutaja simu.

ZUHURA: Basi wabane hapo hapo. Anwani ya mtandao peke yake ni ushahidi dhaifu. Kwa data za simu, kampuni ya mtandao inaweza kuwapitisha wateja wengi sana kwenye anwani moja ya nje. Mtu wa Mbagala na mtu wa Tegeta, hawajuani, anwani moja. Kifaa ni ushahidi mzito zaidi. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwao liwe: mnategemea anwani au kifaa? Na kipengele gani cha masharti?

KASSIM: Na wakisema kifaa?

ZUHURA: Usikatae. Mama ana simu, nyumba inaitumia, ndio ukweli. Unachoonyesha ni kwamba watu ni wawili: NIDA mbili, laini mbili zilizosajiliwa kwa majina mawili, na hela zilizoingia kila moja kutoka laini ya mwenyewe. Zile meseji za muamala zenye namba ya kumbukumbu ndizo zinazokutetea. Ngoja, hebu niulize. Saidi alibeti nini wiki hiyo?

KASSIM: Yanga.

ZUHURA: Na wewe?

KASSIM: Simba. Unajua mimi ni Simba!

ZUHURA: Mechi ile ile?

KASSIM: Ile ile. Nyumba yetu ndivyo ilivyo, mama mwenyewe ni Simba, baba Yanga.

ZUHURA: Kassim, huo ndio mtindo hasa wanaoutafuta. Mtu anafungua akaunti mbili, anachukua bonasi mbili, moja anaweka kwa huyu, nyingine kwa yule. Sare ikikosekana, upande mmoja lazima ujibu, na hela iliyopotea upande wa pili ilikuwa ya kampuni. Wakiona kifaa kimoja, mechi moja, pande mbili, mashine inafunga bila kumuuliza mtu.

KASSIM: Kwa hiyo kosa letu ni kushabikia timu tofauti?

ZUHURA: Sisemi ni kosa. Nasema ndivyo inavyoonekana kwao. Tazama madau. Mdanganyifu hupanga madau yalingane na odi ili apate sawasawa yeyote akishinda. Saidi aliweka kiasi gani?

KASSIM: 3,000. Mimi 40,000.

ZUHURA: Hilo liandike! Hakuna mtu anayejikinga na 40,000 kwa 3,000. Weka historia ya mikeka yote miwili, Saidi akikubali.

KASSIM: Mama atasema simu yake imemletea kesi.

ZUHURA: Mama yuko sahihi. Ila tuyatenganishe mambo, maana watu wanayachanganya. Kuna kubanwa: dau lako la juu linashuka mpaka 500 kwa sababu unashinda. Kuna kufungiwa akaunti. Na kuna kushikiliwa hela. Hili la tatu ndilo la kupigania. La kwanza, kampuni ina haki ya kukataa dau lijalo.

KASSIM: Hapo sikubali.

ZUHURA: Najua hukubali.

KASSIM: Wanapokea hela ya anayeliwa kila siku, hawambani. Akitokea anayeshinda, anaambiwa mwisho 500. Hiyo si biashara ya kubahatisha tena, ni kukusanya.

ZUHURA: Anayebanwa mara nyingi siye aliyebahatika. Ni anayepata odi ya 2.10 asubuhi, na mechi ikikaribia odi hiyo imeshuka mpaka 1.85. Akifanya hivyo kila wiki, hasa ligi ndogo, kampuni inajua yeye anajua bei kuliko wao. Muuzaji aliyekosea bei halazimiki kuendelea kukuuzia.

KASSIM: Halazimiki? Jimbo la New South Wales, Australia, tangu 2014 kampuni za kubeti mbio za farasi zinatakiwa kukubali dau mpaka kiwango fulani, hata kwa washindi. Kumbe inawezekana.

ZUHURA: Kwa mbio za farasi, huko, kwa kanuni iliyoandikwa. Uingereza wanaliacha kuwa uamuzi wa kibiashara. Hapa ukikatia rufaa kubanwa dau, unapoteza nguvu.

KASSIM: Mimi nitaikata.

ZUHURA: Na mimi nitakwambia ni kupoteza muda. Hela uliyokwisha kushinda ni yako, hapo nitakusaidia mpaka mwisho.

KASSIM: Dau ni haki vilevile.

ZUHURA: Tubaki hivyo. Fundi mitambo ananionyesha dakika mbili, na mambo matano sijasoma hata moja.

KASSIM: Taja ya muhimu.

ZUHURA: Haraka basi. Usifungue akaunti nyingine kwa hasira, utawathibitishia madai yao. Nakili masharti kama yalivyokuwa siku uliyochukua bonasi, yanaweza kubadilishwa. Waombe wagawe ile 430,000 kwa maandishi: amana yako 50,000, bonasi, na ushindi. Amana wasipokurudishia hata hiyo, waulize kwa kipengele gani. Wakikaa kimya au wakikataa, peleka lalamiko Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na viambatisho vyote.

KASSIM: Na taarifa zangu walizonazo?

ZUHURA: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakupa haki ya kuomba wanachokushikilia. Omba kumbukumbu za kifaa na za kuingia. Barua yenyewe tutaiandika wiki ijayo, leo muda umek—

KASSIM: Na Saidi naye aandike yake?

ZUHURA: Yake, kwa jina lake, kutoka simu yake.