Boriti Moja, Aina Tatu za Nondo: Kutoka Mchoro wa CAD hadi Jedwali la Kukunjia

Karibuni. Leo nina boriti moja tu, na ninaomba tukae nayo mpaka kila kipande cha nondo kiwe na urefu wake. Hesabu za kubuni zimeshafanywa na mhandisi, sisi tumepokea matokeo. Boriti ina upana wa 250 na kina cha 500, vipimo vyote kwa milimita. Imekaa juu ya nguzo mbili za 300 kwa 300, na kati ya uso wa nguzo moja na uso wa nyingine kuna 4800. Ukijumlisha upana wa nguzo zote mbili, urefu wake wote ni 5400. Chini kuna nondo tatu za T20, juu mbili za T16, na ringi za milimita 8 kila baada ya 200. Kava ni 30, nayo inapimwa mpaka kwenye ringi, si mpaka kwenye nondo kuu. Viwango ninavyotumia ni vya BS 8666.

Tuanze na nondo za chini, maana hapo ndipo wachoraji wengi huharibu. Zimekunjwa juu katika ncha zote mbili, umbo namba 21. Swali la kwanza: mkunjo utakaa wapi ndani ya nguzo? Mtu akitoa kava ya 30 kila upande, kwenye mchoro itapendeza, lakini nguzo nayo ina kava ya 30, ringi ya 8 na nondo zake za 16. Jumla ni 54, na nondo yetu lazima ipite ndani ya hizo. Mimi huacha 60 kila upande, nabaki na 5280. Kisha natoa 20, kwa sababu hakuna mashine wala fundi anayekunja kwa usahihi kamili, na kwa umbali unaozidi mita 2 kiwango kinataka punguzo hilo. Kwa hiyo B ni 5260. Miguu, yaani A na C, ni 300 kila mmoja.

Sasa urefu wa kukatia. Vipimo vyote vitatu vinapimwa nje hadi nje, lakini nondo haikunjwi kwa kona kali, inazunguka. T20 inakunjwa kwa nusu kipenyo cha ndani kisichopungua 70. Kwa hiyo njia anayopita chuma ni fupi kuliko jumla ya pande. Fomula ya umbo 21 ni hii, r ikiwa nusu kipenyo hicho na d kipenyo cha nondo yenyewe:

```
L = A + B + C - r - 2d
L = 300 + 5260 + 300 - 70 - 40 = 5750
```

Hamlazimiki kuniamini, CAD itathibitisha. Chora mstari wa katikati ya nondo kwa PLINE: miguu ya 290 na kati 5240. Zungusha kona kwa FILLET ya 80, yaani 70 ya ndani na 10 ya nusu ya unene. Uchague mstari, andika LIST. Itakusomea 5751.33. Tofauti na fomula ni milimita moja na kidogo, na hakuna msumeno wa nondo unaoijua tofauti hiyo.

Lakini ukichora mstari wa nje bila kuzungusha kona, LIST itakupa 5860. Hizo 110 za ziada zinaenda wapi? Fundi anapima A, anakunja, anapima B, anakunja, kinachobaki ndicho mguu wa mwisho. Mguu wa 300 unakuwa 410. Nondo yetu inaanzia 38 kutoka chini ya boriti, kava pamoja na ringi, kwa hiyo ncha inafika 448. Tumbo la nondo ya juu liko 446. Zinagongana! Fundi naye hatakupigia simu, atauinamisha mguu kwa nyundo na kazi itaendelea. Ndiyo maana kipimo cha mwisho kwenye jedwali huwekwa kwenye mabano: ni kumwambia fundi kwamba makosa yote yaangukie huko. Lakini makosa yanayovumilika ni ya mkono wake, si ya mchoraji.

Nondo za juu ni nyepesi. Zimenyooka, tunatoa 60 kila upande na punguzo la 40 linalohusu nondo zilizonyooka, tunapata 5240. Urefu wa kukata hupandishwa hadi kigawo cha 25 kinachofuata, basi ni 5250.

Ringi, umbo 51. Upana 250 ukitoa kava mbili ni 190, kisha punguzo la 10: inabaki 180. Kina kwa njia hiyo hiyo ni 430. Ncha mbili zinazoingia ndani ni 115 kila moja, hicho ndicho kiwango cha chini kwa nondo ya 8. Punguzo la 10 msilidharau. Ringi iliyonenepa kidogo inakula kava, na kava ndiyo inayozuia kutu. Kwa ringi hii r ni 16 na d ni 8.

```
L = 2(A + B + C) - 2.5r - 5d
L = 2(180 + 430 + 115) - 40 - 40 = 1370
```

Tunaandika 1375. Na idadi? Mtu anagawa 4800 kwa 200, anapata 24, anaandika 24. Hizo ni nafasi, si ringi. Ringi ya kwanza huanza 50 kutoka uso wa nguzo, hivyo hivyo upande wa pili, inabaki 4700. Nafasi ni 23.5, tunapandisha kuwa 24, na ringi ni 25.

Ndani ya CAD, lebo ya kila nondo naifanya bloku yenye sifa: namba ya nondo, idadi, kipenyo, umbo, A, B na C. Kisha DATAEXTRACTION inazikusanya na kutoa jedwali, safu ya urefu naijaza kwa fomula. Kwa ringi, kwenye lahajedwali, ni hivi:

```
=CEILING(2*(H5+I5+J5)-2.5*K5-5*D5,25)
```

Mtego uko hapa: nondo namba 01 ina lebo kwenye mwonekano wa upande, na ina lebo tena kwenye mkato. Ukitumia bloku ile ile mara mbili, jedwali linahesabu nondo sita badala ya tatu, na chuma kinaagizwa mara mbili. Mimi nina bloku mbili zenye majina tofauti. Ya kwanza ina idadi na inakaa kwenye mwonekano wa upande pekee, ya pili ni ya mkato na inaonyesha namba tu.

Kuna aliyeuliza kuhusu uzito. Kwa T20 ni kilo 2.466 kwa mita, kwa hiyo nondo tatu za 5.75 ni kama kilo 42.5. Ringi 25 ni kama kilo 13.6. Ukiona ringi zimepita nondo kuu kwenye boriti kama hii, rudi kwenye safu ya idadi kabla ya kugusa kitu kingine.

Na wa mwisho aliuliza, boriti za aina hii zikiwa sita? Usizichore sita. Jedwali lina safu ya idadi ya viungo na safu ya nondo katika kila kiungo: 6 kwa 3, jumla 18. Moja ikibadilika urefu, ipe jina jipya na mistari yake yenyewe, kisha punguza zile za zamani ziwe tano. Weka herufi ya marekebisho kwenye mistari yote iliyoguswa, ikiwemo ile ya boriti tano zilizobaki.