Kompyuta inasahau tarehe kila ukichomoa? Ni betri ya madabodi hiyo

Haya wadau, hii deskitopu imeletwa eti intaneti imekufa, kila tovuti wanayofungua inagoma na kuandika `NET::ERR_CERT_DATE_INVALID`. Cheki hapa chini kulia, kompyuta inajua tuko 2015, sasa tovuti zitaiaminije?

Kabla hujashika bisibisi angalia kitu kimoja. Dakika zikiwa sawa ila imepishana masaa 3 kamili, hiyo sio betri, nenda kwenye mipangilio ya saa uchague `(UTC+03:00) Nairobi`, umemaliza. Na kama inasahau pale tu ulipochomoa waya au umeme ulipokatika, basi ni betri, maana waya ukiwa ukutani pawasaplai ndo inailisha saa hata kompyuta ikiwa imezimwa.

Sasa iwashe, gonga `F2` au `Del` uingie BIOS, ile skrini ya mipangilio ya madabodi yenyewe. Tafuta sehemu ya SATA, ndo mipangilio ya diski hiyo, angalia kama ni `AHCI` au `RAID`, piga picha na simu. Usiruke hapa jamani, kuna siku niliruka, madabodi ikajirudishia yenyewe mpangilio mwingine, Windows ikagoma kuwaka na skrini ya bluu, `INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE`, mteja kasimama pembeni ananiangalia tu.

Zima, chomoa waya, bonyeza batani ya kuwashia kama sekunde kumi umeme uliobaki uishe. Fungua kava, gusa chuma cha kasha kwanza ili umeme wa mwilini mwako usiende kwenye madabodi. Betri ndo hii, duara kama sarafu, imeandikwa CR2032. Sukuma hiki kibanio cha pembeni kwa kucha, itaruka yenyewe, usiichokonoe na bisibisi utavunja kishikio.

Tukiipima na mita inasoma volti 2.4. Mpya inatakiwa 3 au zaidi kidogo, ikishuka chini ya 2.8 usiibembeleze. Dukani usikubali CR2025, volti ni zilezile ila ni nyembamba, italegea humo ndani. Weka mpya upande wa jumlisha ukiangalia juu, kandamiza mpaka usikie tik. Ile ya zamani usiiache mezani, mtoto akiimeza inaunguza koo.

Rudisha waya, ingia BIOS, weka tarehe na saa, linganisha SATA na ile picha, kisha `F10` kusevu.

Kwenye kujaribu ndo wengi wanajidanganya, wanaona Windows ina saa sahihi wanafunga kava, kumbe imeichukua kutoka intaneti. Zima, chomoa waya, kaiache hata nusu saa, halafu ukiwasha ingia BIOS moja kwa moja. Hii yetu nililaza usiku mzima, angalia, tarehe ya leo na dakika ziko sawasawa.