Mistari 90 kwa Saa ya Nini? Kuandika Wasifu wa Dereva wa Foklifti na Mkusanyaji wa Oda

Mabibi na mabwana, karibuni. Tuanze na sentensi ambayo kila anayeajiri watu wa ghala ameshaichoka: "Nina kasi kubwa ya kukusanya oda na uzoefu wa foklifti." Msimamizi hana la kufanya nayo. Haimwambii kama mwombaji alikuwa akichukua vipande vidogo kwenye rafu zilizo usawa wa kiuno, au akishusha paleti nzima kutoka mita 8. Hizo ni kazi mbili tofauti, na kasi zake hazilingani hata kidogo.

Basi leo nitakaa zaidi kwenye kasi, kwa sababu ndiyo inayoandikwa vibaya kuliko yote.

Kwanza kipimo. Ghala nyingi huhesabu mistari ya oda. Mstari mmoja ni bidhaa moja kwenye oda, hata kama mteja ameagiza vipande 20 vya bidhaa hiyo. Wengine huhesabu vipande, wengine katoni, wengine paleti. Ukiandika "90 kwa saa" bila kusema 90 za nini, msomaji atachagua mwenyewe, na mara nyingi atachagua tafsiri isiyokufaa.

Pili ni saa zenyewe. Chukueni mfano wa mtu ambaye ripoti yake ya mwezi inaonyesha zamu 22 na mistari 11,880. Kila zamu, baada ya kutoa mapumziko, ina saa 7 na nusu za kazi, yaani saa 165 kwa mwezi. Ukigawanya, unapata mistari 72 kwa saa. Lakini katika kila zamu mtu huyu alitumia saa 1 na nusu kukagua mashine, kubadilisha betri, kusubiri rafu zijazwe na kusafisha njia. Zikitoka hizo, zinabaki saa 132 za kukusanya tu, na kasi yake inakuwa mistari 90. Namba zote mbili ni za kweli. Kosa ni kuandika moja bila kusema ni ipi, kwa sababu mwajiri mpya huenda anapima kwa njia ile nyingine, na wiki ya pili utaonekana umedanganya.

Tatu ni usahihi, na hapa ndipo wengi hunyamaza. Mtu huyo huyo alikuwa na makosa 12 yaliyogunduliwa mezani pa ufungaji au kurudishwa na wateja. Makosa 12 katika mistari 11,880 ni karibu 0.1%, kwa hiyo usahihi wake ni takriban 99.9%. Kasi isiyoambatana na usahihi humtia shaka msimamizi mzoefu, maana anajua kila mstari uliokosewa unarudi kama kazi mpya: kupokea mzigo, kuukagua, kuurudisha rafuni, kutuma mwingine.

Sasa tuiandike. "Kukusanya oda za vipande vidogo kwa skana ya mkononi: mistari 90 kwa saa ya kukusanya (72 kwa saa zote za kazi), usahihi 99.9%, wastani wa mwezi mmoja, bidhaa nyepesi, rafu za ngazi ya chini." Ni sentensi ndefu, lakini haina neno la kupoteza. Ukiwa na wastani wa miezi 6, andika huo, maana mwezi mmoja unaweza kuwa ulikuwa msimu wa oda nyepesi. Na tafadhali usiandike rekodi ya siku yako bora. Ukiulizwa kwenye usaili, "na siku ya kawaida?", utabaki unatafuta maneno.

Kama huna ripoti, mwombe msimamizi wako wa sasa akuonyeshe takwimu zako kabla hujaondoka. Ukishaondoka, akaunti yako kwenye mfumo hufungwa. Nakili namba zako tu. Majina ya wateja na bei za bidhaa si mali yako.

Tuje kwenye leseni. Cheti cha foklifti hutolewa kwa aina ya mashine, na leseni ya gari barabarani haichukui nafasi yake. Kauntabalansi, ile yenye uzito mzito nyuma, haiendeshwi kama richi traki inayosogeza uma au mlingoti mbele ndani ya njia nyembamba. Kwa hiyo taja aina, uwezo wa mashine na kimo cha kuinua: "Kauntabalansi ya umeme, tani 2.5, hadi mita 4.5, richi traki hadi mita 9." Kimo kina uzito wake. Uwezo ulioandikwa kwenye kibao cha mashine hupungua kadiri mzigo unavyopanda na kadiri kitovu chake kinavyokuwa mbali na mlingoti, na dereva wa mita 9 anatarajiwa kukisoma kibao hicho kabla ya kuinua.

Ongeza nani alitoa mafunzo, tarehe ya mafunzo na tarehe ya tathmini ya mwisho. Marekani, kwa mfano, kanuni za OSHA, mamlaka ya usalama kazini ya huko, zinamtaka mwajiri amtathmini dereva upya angalau kila baada ya miaka 3. Cheti cha zamani kisicho na tathmini ya karibuni kisifichwe; andika tarehe yake kama ilivyo. Mwajiri makini atakupima tena mwenyewe kwenye mashine zake, hata cheti kiwe kipya namna gani.

Mifumo ya stoku nitaipitia haraka. Taja jina linaloonekana kwenye skrini, kama SAP EWM, kisha ulichokuwa ukifanya humo: kupokea mzigo, kuupangia eneo, kuthibitisha oda, kuhesabu stoku kwa mzunguko. Aliyekuwa akiskani msimbopau tu aseme hivyo. Aliyekuwa akitafuta chanzo cha tofauti kati ya mfumo na rafu aseme hivyo pia, maana hiyo ni kazi ya ngazi nyingine.

Imebaki rekodi ya usalama. "Sina ajali" ni dai lisilopimika. Liwekee muda na saa za uendeshaji, kisha onyesha ulichozuia. Mathalani: "Miaka 3, takriban saa 4,000 za uendeshaji, bila jeraha, uharibifu 1 wa nguzo ya rafu, uliripotiwa papo hapo, foklifti 2 zilisimamishwa kwenye ukaguzi wa kabla ya zamu kwa uma uliolika." Kipande hicho cha mwisho msomaji anayejua kazi atasimama nacho. Uma hulika zaidi kwenye kisigino, pale unapopinda. Ukipoteza 10% ya unene wake, yaani ukitoka milimita 40 hadi 36, unaondolewa kazini, kwa kuwa nguvu yake huwa imeshuka kwa karibu 20%. Anayelijua hilo huwa anakagua kweli, hatii tiki tu kwenye fomu.

Na ile nguzo iliyogongwa, msiifute. Anayeendesha miaka 3 kwenye njia nyembamba bila hata mkwaruzo mmoja huzua swali moja tu kwa msimamizi: je, alikuwa anaripoti? Taja tukio, taja kwamba rafu ilitolewa mzigo na kukaguliwa kabla ya kutumika tena, kisha nenda mstari unaofuata.