Silabi Kumi na Sita, Sekunde Nne: kunadi dagaa kwa spika pale Mwanga

(Mhadhara kwa wafanyabiashara wa soko, Kigoma)

Mama zangu, kaka zangu, shikamooni mliotangulia. Kazi yangu ni kurekodi sauti za kunadia bidhaa, hizi mnazoweka kwenye memori kadi na kuziacha zijirudie kutwa. Leo nina tangazo moja tu la kuwafungulia, la mama mmoja anayeuza dagaa pale Mwanga.

Aliniletea karatasi: “Karibu mteja, karibu sana, tunao dagaa wazuri wa Kigoma, hawana mchanga, bei nafuu kabisa, kopo moja shilingi elfu mbili mia tano tu.” Nilimrekodia hivyohivyo. Kosa lilikuwa langu, maana nilijua njia ya pale ilivyo na sikumwambia.

Ile njia nilikuja kuipima baadaye kwa miguu. Bodaboda zinanguruma, jirani ana spika ya mitumba, na maneno ya mama yalisikika kwa kueleweka hatua kama kumi kabla ya meza yake na kumi baada ya kuipita. Kwa mwendo wa watu waliobanana, hizo hatua ishirini ni kama sekunde kumi na nne. Tangazo letu lilichukua sekunde kumi na tatu na kuanza tena papo hapo. Ina maana karibu kila mpita njia aliingia katikati ya sentensi. Anayepita hana mwanzo, anaokota kipande.

Na vipande vilimuumiza. Aliyeokota mwisho alisikia “mia tano tu”. Watu walikuja na jero mkononi wakitaka kopo zima, na mmoja alimwita tapeli mbele za watu. Lililomchoma zaidi ni “hawana mchanga”. Pikipiki ikipita juu ya “hawana”, kinachobaki hewani ni “mchanga”. Dagaa wake amewaanika kwenye chanja, juu ya ardhi kabisa, halafu spika yake mwenyewe inawatangaza kuwa na mchanga! Nikasema basi tuseme “dagaa wa chanja”. Tulipojaribu, “chanja” ikasikika “mchanga”. Tukaliacha. Usafi wa dagaa mteja atauona kwa macho akishasimama.

Basi tukaanza na bei. Bei yenye mkia, kama elfu mbili mia tano, hukatika mkia ukabaki peke yake. Mama akakubali kuuza makopo mawili kwa elfu tano. Hapo hata mtu akiokota mwisho, ameokota bei yote. Nilifikiria pia maneno ya mjini, buku na jero, ambayo ni mafupi na yanasikika vizuri, lakini Kigoma ina wateja kutoka Uvira na Bujumbura, na wazee wa vijijini, ambao huenda wasiyajue.

Tukabaki na hili:

“Dagaa! Dagaa! Makopo mawili, elfu tano!”

Hesabuni silabi: kumi na sita. Kwa kusema taratibu, silabi nne kwa sekunde, ni sekunde nne. Baada yake nikaacha kimya cha sekunde mbili. Msikionee choyo kile kimya, ndicho kinachomwonyesha mpitaji mwanzo uko wapi. Kila sekunde sita linazunguka, kwa hiyo mtu wa sekunde kumi na nne analipata zima angalau mara moja, mara nyingi mbili. “Dagaa” limerudiwa kwa sababu la kwanza linageuza shingo tu, la pili ndilo linalosikika. Na lina irabu “a” tupu, mdomo wazi, ndiyo inayopenya kelele. Sauti kama “s” na “f” ndizo zinazomezwa kwanza.

Mkiongeza sauti hadi spika ikwaruze, mmepoteza konsonanti zote, kinabaki kishindo. Punguza mpaka mkwaruzo uishe, kisha inyanyue honi ya spika juu ya vichwa, kwa kuwa miili ya watu inazuia sauti, na uielekeze upande ambao watu wanakuja.

Kabla ya kumkabidhi, tulilijaribu. Usimuulize mtu wa mezani kwako, yeye anajua unachouza. Tulimtuma kijana asiyejua lolote apite bila kusimama, kisha upande wa pili nikamuuliza: wanauza nini, na bei gani? Wa kwanza akasema, “Dagaa, elfu tatu.” “Tano” ilikuwa imefika kama “tatu”. Nikarekodi upya, “taaano”, nikiivuta ile silabi yenye mkazo na kuifunga kwa “no” iliyo wazi. Tukatuma wengine watano. Wanne wakapatia. Wa tano alisikia dagaa bila bei, na kwa ajili yake mama aliandika 5,000 kwa makaa kwenye boksi, akalisimamisha chini ya honi.